Vipele vya ndevu, uso wenye mafuta na jua la Mkwajuni: mwanaume afanye nini?

Kila tunapogusia afya ya ngozi kwenye kipindi cha asubuhi, wanaume wanaotutumia ujumbe huuliza jambo moja kuliko mengine: "Nikinyoa ndevu natoka vipele, nifanye nini?" Wengine huongeza kuwa ikifika saa tano uso unawang'aa kwa mafuta, na kwamba vipele vikikauka vinaacha madoa meusi yasiyotoka.

Mambo hayo matatu, yaani ndevu, mafuta na jua, huonekana kama matatizo tofauti, lakini kwenye uso mmoja yanasaidiana. Makala haya yanaeleza yanavyoungana na namna ya kuyatenganisha kwa vitu vinavyopatikana hapa kwetu. Tutamfuata kijana mmoja wa bodaboda, msikilizaji wetu wa Mkwajuni, ambaye amekubali habari yake isimuliwe bila kutajwa jina.

Shingo kama ganda la fenesi

Kijana huyu ana miaka 27 na huendesha pikipiki kati ya Mkwajuni na Saza. Alipiga simu studio mwezi wa kumi, wakati joto la huku bondeni limepamba moto.

"Kaka, shingo yangu imekuwa kama ganda la fenesi," alisema. "Abiria akinilipa ananiangalia kidevuni, halafu hela anaishika kwa ncha za vidole. Wanadhani nina ugonjwa wa kuambukiza. Na mwezi wa kumi na mbili dada yangu anaolewa, mimi ndiye wa kusimama naye kwenye picha."

Nilimwambia, "Mdogo wangu, njoo na kila kitu unachopaka usoni, usiache hata kimoja."

Alikuja na mfuko wa nailoni. Ndani yake kulikuwa na kipande cha sabuni ya mche, kopo la mafuta ya mgando, ndimu mbili, kichupa cha spiriti na tyubu ndogo ya krimu aliyopewa na rafiki yake. Kila Jumamosi alikuwa akienda kwa kinyozi, ananyolewa kwa mashine isiyo na kichana iliyokandamizwa hadi ngozi ing'ae, kisha anamaliziwa kwa wembe. Akitoka hapo anapakwa spiriti. Akifika nyumbani anakata ndimu na kusugua kidevu "ili kuua wadudu". Asubuhi anaosha uso kwa sabuni ya mche, anapaka mafuta ya mgando, anavaa helmeti, anaingia juani hadi jioni.

Tulikwenda pamoja kwa daktari wa kituo cha afya. Alimtazama shingo, akamgusa chini ya taya, akasema: "Huu si ugonjwa wa kuambukiza. Hizi ni nywele zako mwenyewe zinakurudia."

Nywele zinarudi vipi?

Ukitaka kuelewa maneno hayo, chukua unywele mmoja wa ndevu zako uutazame. Kwa wengi wetu Waafrika unywele haukui ukiwa umenyooka. Unajipinda tangu ukiwa bado ndani ya ngozi, na ukitoka nje unaendelea kujizungusha.

Wembe unapoukata unywele huo, unaacha ncha kali kama ya mkuki. Siku mbili tatu baadaye unywele unarefuka, unajipinda, na ncha ile inatoboa ngozi jirani na kuingia tena ndani. Hiyo ndiyo njia ya kwanza. Njia ya pili hutokea pale mtu anaponyoa karibu mno. Ngozi ikivutwa wakati wa kunyoa, au wembe wenye makali mawili matatu ukiuvuta unywele kabla ya kuukata, ukimaliza unywele uliokatwa unarudi chini ya ngozi. Ukianza kukua tena haupati mlango wa kutokea, unachoma ukuta wa tundu lake ukiwa humo humo ndani.

Kwa njia zote mbili mwili unaupokea unywele ule kama ungepokea mwiba. Unapeleka damu na askari wake wa kinga mahali pale, ngozi inavimba, inawasha, na wakati mwingine inatunga usaha kidogo. Hicho ndicho kipele cha ndevu. Kwa kawaida hukaa shingoni na chini ya taya, maana huko nywele zimelala pande mbalimbali na ngozi ni laini.

Ukitaka kujua kama vyako ni hivi, simama penye mwanga na kioo. Mara nyingi utaona unywele mweusi uliojikunja kama herufi C ndani ya kipele au chini ya ngozi nyembamba. Kama badala yake unaona duara lenye magamba pembeni, linalopanuka na kuwasha, huenda ni choa, yaani fangasi, na dawa yake ni nyingine kabisa. Vipele vidogo vyenye vichwa vyeusi au vyeupe kwenye paji la uso, pua na mashavu, mahali pasipo na ndevu, kwa kawaida ni chunusi.

Hatua ya kwanza: pumzisha wembe kwa wiki nne

Jambo la kwanza ambalo daktari alimwambia kijana wetu lilikuwa gumu kulikubali: asinyoe kabisa kwa wiki nne. Ndevu hukua karibu sentimita moja kwa mwezi. Zikifika urefu huo, nywele nyingi zilizojichimbia hujivuta zenyewe na kutoka nje, kama waya uliokunjwa unavyofyatuka.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu wiki ya kwanza hali huweza kuwa mbaya zaidi. Nywele zilizokatwa Jumamosi iliyopita bado zinarudi ndani na vipele vipya vinajitokeza. Kijana wetu alinipigia siku ya sita: "Kaka, nimeacha kunyoa na ndiyo vimeongezeka!" Ilikuwa sahihi kabisa. Wiki ya pili viliacha kuongezeka. Wiki ya tatu vilianza kushuka.

Katika kipindi hicho alipewa kazi ndogo ya jioni. Alikuwa anachovya kitambaa safi kwenye maji ya uvuguvugu, anakikamua na kukiweka juu ya vipele kwa dakika tano hadi kumi. Maji hayo hulainisha ngozi na kupunguza muwasho. Akiona unywele umetokeza kitanzi juu ya ngozi, anauinua taratibu kwa ncha ya kijiti safi cha meno mpaka ncha yake itoke nje, anauacha hapo. Hachimbi ngozi kuutafuta unywele usioonekana, na haung'oi. Unywele uliong'olewa huota upya kutoka chini kabisa, na kwa kuwa umepinda, una nafasi nzuri ya kuchoma ngozi kabla haujatoka.

Kama kazi yako haikuruhusu kufuga ndevu, mwombe kinyozi apitishe mashine yenye kichana namba moja, ambacho huacha nywele za kama milimita tatu. Nywele za urefu huo zinaonekana nadhifu, na ngozi inapona ingawa polepole zaidi.

Ukirudi kunyoa, acha kivuli cha ndevu

Kwa mtu mwenye vipele vya ndevu, kinachoviendeleza ni kunyoa mpaka ngozi iteleze. Lengo jipya ni kuacha kivuli, yaani nywele za kama milimita moja zinazokwaruza kidogo ukipitisha kiganja. Kwa hiyo mashine ya kinyozi ni bora kuliko wembe, mradi ipitishwe juujuu bila kukandamizwa na ngozi isivutwe. Mwambie kinyozi mapema, kabla hajawasha mashine: "Usinimalizie na wembe."

Kuna jambo la kukagua hapo kwenye kiti. Mashine inayomnyoa kila mtu hubeba nywele, mafuta na hata damu kutoka ngozi moja hadi nyingine. Inapaswa kupigwa brashi mpaka nywele zote zitoke, kisha meno yake yapanguswe kwa spiriti ya asilimia 70 na kuachwa yakauke kabla ya kukugusa. Spiriti yapakwe meno ya mashine, siyo kidevu chako. Wembe usichangiwe kabisa, kwa kuwa damu kidogo isiyoonekana kwa macho inatosha kupitisha virusi vya homa ya ini aina ya B. Kijana wetu alifanya hesabu ya anachompa kinyozi kila wiki, akaamua kudunduliza na kununua mashine yake ndogo ya kuchaji.

Wapo ambao ni lazima watumie wembe. Kama ni wewe, fanya hivi. Nyoa baada ya kuoga, siyo kabla, ili nywele ziwe zimelowa na kulainika. Kama huogi wakati huo, weka kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa dakika tano. Paka povu jingi la sabuni laini au krimu ya kunyolea na uliache dakika mbili. Tumia wembe mpya wenye makali mamoja. Pitisha kidole kwanza ujue nywele zimelalia wapi, maana shingoni huweza kulala kwenda pembeni au hata kwenda juu, kisha nyoa kufuata ulalo huo. Usivute ngozi, na usirudie sehemu moja zaidi ya mara mbili. Suuza kwa maji ya baridi na ujifute kwa kugusagusa, usisugue.

Baada ya hapo usipake spiriti wala dawa ya meno. Ule mchomo wa spiriti ambao wengi wetu tumezoea kuuona ni dalili ya usafi ni ngozi iliyokwaruzwa inayounguzwa mara ya pili.

Ndimu inastahili onyo lake peke yake. Maji ya ndimu na limau yana kemikali ambazo zikipigwa na jua zikiwa juu ya ngozi huiunguza. Siku moja au mbili baadaye ngozi huwa nyekundu au hutoa malengelenge, kisha hubaki doa jeusi linaloweza kukaa miezi. Kijana wetu alikuwa akisugua ndimu na kupanda pikipiki. Alidhani weusi wa kidevuni ni makovu ya vipele peke yake, kumbe sehemu yake ilikuwa ndimu na jua.

Uso wenye mafuta: osha, usikwangue

Chini ya ngozi ya uso kuna tezi zinazotoa mafuta, na kwa wanaume homoni huzifanya zifanye kazi zaidi. Mafuta hayo siyo uchafu, ni kinga ya ngozi. Tatizo huanza yanapochanganyika na jasho, vumbi la barabara na seli zilizokufa, vikaziba matundu. Matundu hayo hayo ndiyo yanayotoa ndevu. Ngozi iliyoziba na kuvimba humpa unywele uliojipinda kazi ngumu zaidi ya kutoka.

Ukiona mafuta ni rahisi kufikiri kwamba dawa ni sabuni kali. Sabuni ya mche imetengenezwa kutoa mafuta kwenye nguo. Usoni huacha ngozi imekaza, inawasha, hasa pale ilipokwisha kukwaruzwa na wembe. Mtu akihisi ukavu huo hupaka mafuta ya mgando, na ikifika saa tano uso unang'aa kuliko hapo mwanzo, vumbi limeganda juu yake.

Utaratibu aliopewa kijana wetu ni huu. Asubuhi na jioni anaosha uso kwa maji ya kawaida na sabuni laini, kama ya watoto au ya glisalini, akitumia viganja tu. Dodoki na jiwe vibaki miguuni. Mchana akitoka jasho sana anasuuza kwa maji matupu bila sabuni. Anajifuta kwa kitambaa chake mwenyewe, anachokifua na kukianika juani. Baada ya kuosha anapaka losheni nyepesi inayonywewa na ngozi, kiasi cha punje ya haragwe kwa uso mzima. Mafuta ya mgando yamehamia kwenye visigino na viwiko.

Kama unapaka mafuta mazito ya nywele, yazuie yasishuke kwenye paji la uso. Vipele vidogovidogo vinavyojipanga chini ya mstari wa nywele mara nyingi vinatokana na hayo mafuta. Dalili ni kwamba ukiacha kuyatumia kwa wiki kadhaa, paji linaanza kusafika.

Kama chunusi zipo pamoja na vipele vya ndevu, duka la dawa au famasi linaweza kuwa na jeli ya benzoili peroksaidi. Anza na ya nguvu ndogo, asilimia 2.5 au 5, tabaka jembamba usiku mmoja kati ya miwili. Huanza kuleta nafuu baada ya wiki kadhaa, hivyo usiihukumu kwa siku tatu. Ikiunguza sana au uso ukivimba, osha na uache. Na usilale na shati unalolipenda, maana dawa hii hupausha nguo na taulo.

Jua haliachi doa lipone

Wapo wanaoamini kwamba mtu mweusi hana haja ya kujikinga na jua. Ni kweli kwamba weusi wa ngozi yetu ni kinga, na huzuia sehemu ya miale inayounguza. Lakini weusi huo huo una tabia moja: mahali popote ngozi ilipojeruhiwa, seli zinazotengeneza rangi hufanya kazi kupita kiasi. Kipele kinapona, doa linabaki. Kila jua linapolipiga doa hilo, seli zinaongezewa kazi na doa linazidi kukolea. Ndiyo maana mtu anaweza kupona vipele na bado aonekane anavyo.

Mkwajuni ipo chini, upande wa bonde la Ziwa Rukwa, na jua letu si la Vwawa wala Tunduma kwenye ubaridi wa milimani. Mkulima wa ufuta, mchimba dhahabu na mwendesha bodaboda wote wako nje saa zile ambazo jua ni kali zaidi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni.

Kinga ya bei nafuu ni kivuli na nguo. Kofia ya kapelo hufunika paji tu. Masikio, shingo na sehemu ya kidevu vinabaki nje. Kofia ya ukingo wa kuzunguka, wenye upana wa kiganja, hufunika vyote. Kwa mtu wa bodaboda kofia hiyo haifai, na helmeti haiwezi kuachwa. Kijana wetu alinunua kitambaa chepesi cha pamba anachokifunga shingoni chini ya mkanda wa helmeti. Kitambaa kilifanya kazi mbili: kilizuia jua, na kilizuia mkanda uliokuwa ukisugua vipele siku nzima. Ana vitambaa viwili, hufua kimoja kila jioni. Kitambaa chenye jasho la jana ni kibaya kuliko kutokuwa nacho.

Mwenye uwezo anaweza kuongeza losheni ya kuzuia jua. Tafuta iliyoandikwa SPF 30 au zaidi, na kama uso wako una mafuta chagua ya jeli au nyepesi. Kiasi cha kutosha uso na shingo ni mistari miwili iliyokamuliwa kwa urefu wa vidole viwili, cha shahada na cha kati. Paka dakika 15 kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa mbili ukiwa juani au ukitoka jasho. Ukipaka kidogo mara moja asubuhi na kukaa nje mpaka jioni, umepoteza hela.

Kwa ndugu zetu wenye ualbino hili si suala la madoa. Wao jua linaweza kuwaletea saratani ya ngozi wakiwa bado vijana, na kinga inahitajika kila siku tangu utotoni. Katika Hospitali ya KCMC, Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi hutengeneza losheni ya Kilisun kwa ajili yao. Ulizia kliniki ya ngozi au ofisi ya mganga mkuu wa wilaya namna ya kuipata.

Ile tyubu ya rafiki

Sasa turudi kwenye tyubu iliyokuwa ndani ya mfuko. Kijana alikuwa ameipaka siku nne tu, na aliisifia: "Kaka, hii ndiyo kiboko. Muwasho umekwisha usiku mmoja." Daktari aliigeuza, akasoma maandishi madogo, akamwonyesha jina: klobetasoli.

Hiyo ni dawa kali ya jamii ya steroidi. Ina matumizi yake halali kwa magonjwa fulani ya ngozi, kwa muda mfupi, kwa maelekezo ya daktari. Kwenye vipele vya ndevu inazima uvimbe haraka bila kuutoa unywele uliojichimbia. Uso unaonekana umetakata. Wiki zikipita, ngozi inaanza kuwa nyembamba, mishipa midogo inajitokeza, na chunusi zinaota kwa makundi. Mtu akiacha, uso unawaka na kuvimba, kwa hiyo anaipaka tena ili apate nafuu. Ameshanaswa. Kijana wetu aliwahi kusimama kwa kuwa zilikuwa siku nne. Kama wewe umeipaka kwa wiki au miezi, nenda kwa daktari akuongoze namna ya kuiacha.

Ndugu zake na hiyo ni krimu za kung'arisha zinazouzwa kwa ahadi ya kuondoa madoa. Baadhi zina hidrokwinoni, na baadhi zina zebaki, na vyote viwili haviruhusiwi kwenye vipodozi hapa Tanzania. Kuhusu zebaki, watu wa Songwe hatuhitaji kuelezwa sana. Ni ile ile inayotumika kwenye makarasha kukamatia dhahabu, ambayo wachimbaji wanaonywa kila mara wasiishike kwa mikono mitupu wala kuvuta moshi wake. Iliyomo kwenye krimu hupita kwenye ngozi na kwenda kuumiza figo. Hakuna mchimbaji ambaye angekubali kupaka zebaki usoni kila usiku, lakini ikiwa ndani ya kopo zuri haonekani kuijua.

Namna ya kuitilia shaka krimu ni hii: haina orodha ya vilivyomo, haina tarehe ya mwisho wa matumizi wala jina la mtengenezaji, imehamishiwa kwenye kopo lisilo lake, au muuzaji anaahidi weupe ndani ya siku saba. Tangu mwaka 2019 vipodozi vinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na huko ndiko unakoweza kupeleka taarifa.

Madoa yenyewe yana dawa isiyouzwa: kusitisha vipele vipya na kukinga jua. Yaliyo mepesi hufifia kwa miezi mitatu hadi sita. Yaliyokolea huchukua hata mwaka.

Alifikia wapi?

Wiki ya tano kijana alikata ndevu kwa mashine yake mwenyewe, akaacha kivuli. Wiki ya nane, siku chache kabla ya harusi, nilimwona stendi. Uvimbe ulikuwa umekwisha isipokuwa vipele vitatu chini ya taya la kushoto, mahali ambapo mkanda wa helmeti unafungwa. Madoa bado yalikuwepo. Aliniambia: "Kwenye picha yataonekana, kaka. Lakini haviwashi, na hakuna anayeniuliza kama naumwa."

Siku ya harusi vijana wenzake walimshawishi anyoe kipara cha kidevu ili apendeze. Alikataa. Anajua wakati huu ngozi inayoteleza Jumamosi itakuwa fenesi ikifika Jumanne.

Wakati gani uende kituo cha afya

Usisubiri wiki nane kama vipele vinatoa usaha mwingi, vinauma na kusambaa haraka, au unapata homa. Huenda bakteria wameingia na unahitaji dawa ya kuwaua. Nenda pia kama unaona duara lenye magamba, kwa sababu krimu ya steroidi juu ya fangasi huficha dalili huku fangasi wakienea. Makovu yanayovimba na kuwa magumu kama vifundo, kidevuni au kisogoni, yanahitaji kuonwa mapema. Yakiwa madogo hutibika kwa urahisi zaidi kuliko yakishakuwa makubwa, na kuyakata bila mpango huweza kuyafanya yarudi yakiwa makubwa zaidi. Kidonda chochote cha usoni, sikioni au mdomoni kisichopona ndani ya mwezi mmoja kionwe na daktari, hasa kwa mtu anayeshinda juani.

Ukienda, fanya kama kijana wetu. Beba mfuko wenye kila kitu unachopaka, hata kile unachoona aibu kukionyesha. Mara nyingi jibu limo humo.